Barua ya Wazi kwa Bodi na Mkuu wa Chuo Chetu: Kuhusu Darasa la Ushonaji

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo,
Kwa Ndugu Mkuu wa Chuo,
Na kwa Ofisa Elimu ya Watu Wazima wa Wilaya,
Mkoa wa Mtwara.

YAH: KUFUNDISHA WATU WAZIMA NA VIJANA WALIOMALIZA SHULE KATIKA DARASA MOJA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo mnachokisimamia. Suala hili si geni mezani kwenu. Limo kwenye taarifa zangu za mwisho wa muhula, nimelisema kwenye vikao vya walimu, na nimekuja nalo ofisini kwa miadi. Kila mara nimejibiwa kwamba litafanyiwa kazi. Miaka inapita, wanafunzi wanaingia na kutoka, na hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima ileile niliyokuwa nayo nilipoandika kwa siri. Jina la chuo sitalitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Wanaohusika watajijua wakisoma mstari wa pili.

Darasa langu lina watu wa aina mbili. Karibu nusu ni vijana wa miaka kumi na saba hadi ishirini na moja, wengi wao walimaliza kidato cha nne na alama hazikutosha kuendelea. Nusu nyingine ni watu wazima, karibu wote kina mama, wa miaka thelathini na kitu hadi hamsini na ushee. Mmoja wao ana mjukuu anayesoma darasa la tatu. Baadhi ya kina mama hawa wameshona barazani kwao kwa miaka mingi, wanaishi kwa cherehani, ila cheti hawana. Wamekuja kukitafuta kwa sababu mwenye shule anayetaka fundi wa sare huanza kwa kuuliza cheti.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba siombi darasa ligawanywe. Naomba chuo kikubali kwamba watu hawa wawili hawaanzii mahali pamoja, halafu kipange ratiba, mahudhurio na mitihani kwa kulijua hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wote wanaanzishwa sifuri

Mwanafunzi akishaandikishwa hakuna anayemuuliza anajua nini. Juma la kwanza ni sehemu za cherehani, la pili ni kushona mstari ulionyooka kwenye karatasi bila uzi, na kuendelea. Mama aliyeshona magauni ya harusi anakalishwa wiki nzima kushona karatasi. Baadhi yao huondoka hapohapo, na kwenye taarifa tunaandika "mtoro".

Lakini kosa si kumchosha mama peke yake. Kumwanzisha sifuri kunaficha yale asiyoyajua hasa, na yapo. Nieleze kwa kazi moja tuliyoifanya darasani, kukata blauzi ya mtu mwenye kifua cha inchi 35.

Hesabu yake ni fupi. Kifua kinagawanywa kwa nne, unapata inchi 8 na robo tatu. Unaongeza nusu inchi ili nguo isimbane mtu, zinakuwa 9 na robo. Unaongeza inchi moja ya mshono wa ubavuni, unakata kwa 10 na robo kuanzia kwenye mkunjo wa kitambaa.

Kijana wa kidato cha nne akatoa simu, akapiga 35 gawanya kwa 4, akapata 8.75. Jibu sahihi kabisa. Kisha akaichukua tepu upande wa inchi, akahesabu vistari saba na nusu baada ya namba 8, akatia chaki. Shuleni alizoea rula ya sentimita, ambayo kila sentimita ina vistari kumi, kwa hiyo nukta saba tano kwake ni vistari saba na nusu. Ila inchi kwenye tepu zetu imegawanywa mara nane, na robo tatu ni vistari sita. Alizidisha kistari kimoja na nusu kwenye kipande kimoja. Blauzi ina robo nne, kwa hiyo nguo nzima ikazidi robo tatu ya inchi, na hakuelewa imezidi wapi, maana hesabu yake kwenye daftari ilikuwa na vema.

Mama aliyekaa meza hiyohiyo hakupiga hesabu yoyote. Alishika tepu kwenye 35, akaikunja mara mbili, akaibana kwa vidole na kuiweka kwenye kitambaa. Robo ilitoka safi bila namba hata moja. Akaongeza "kidole" cha nafasi na "vidole viwili" vya mshono, akakata. Nguo ikakaa vizuri ubavuni. Lakini kwapa la mbele na la nyuma alikuwa amelikata sawasawa, kwa kuvikunja vipande vyote pamoja na kupitisha mkasi mara moja, kama alivyozoea. Kwapa la mbele linatakiwa lichimbwe ndani zaidi ya la nyuma, nusu inchi hivi kwa nguo ya mtu mzima. Usipolichimba, kitambaa kinajikusanya mbele ya bega mtu akipeleka mkono mbele, na mteja anasema nguo "inanivuta" bila kujua kwa nini. Mama akaniambia wateja wake wamelalamikia hilo kwa miaka, naye alidhani ni maumbo yao.

Mjue pia kwamba kijana yuleyule alikikata kitenge chake bila kutazama maua yanaelekea wapi. Ndege wa kipande cha mbele wakawa wamesimama, wa nyuma wamening'inia kichwa chini. Mama alicheka hadi akakaa. Kosa hilo yeye hawezi kulifanya hata akiwa na usingizi.

Sasa, waheshimiwa, mwalimu akiwa na saa moja, amfundishe nani nini? Kijana anahitaji kusoma tepu na kukijua kitambaa. Mama anahitaji kuchora patani kwenye karatasi, kutenganisha mbele na nyuma, na kuandika vipimo ili mtu mwingine aweze kukata kwa vipimo hivyo. Mtaala tulionao unawaanzisha wote kwenye sehemu za cherehani.

Dawa yake inajulikana. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa: fundi anahojiwa, anafanya kazi mbele ya watahini, anatambuliwa kwa kile anachoweza, na anafundishwa lile pengo tu. Siombi chuo kitoe vyeti vya aina hiyo. Naomba wazo hilohilo litumike wiki ya kuingia. Kila mwanafunzi apewe kipande cha kitambaa na kazi chache: mpime mwenzako uandike vipimo, toa robo ya kifua, jaza bobini na utie uzi, shona mshono, shona pindo. Kwa kila kazi mwalimu aandike anaweza, anaweza kwa kusaidiwa, au bado. Karatasi moja kwa kila mtu. Asubuhi mbili zinatosha darasa zima, na baada ya hapo najua nani aruke mada gani.

2. Cherehani kimoja watu watatu, kipindi dakika arobaini

Nimeambiwa mara kadhaa, tena kwa nia njema, kwamba niwachanganye: mzee akae na kijana, wafundishane. Ushauri ni mzuri. Nimeufuata, na nimeona unapoharibikia.

Ukiwapa mama na kijana blauzi moja wamalize pamoja, watagawana kazi bila hata kuambizana. Kijana atapima, atapiga hesabu na kuandika. Mama atakata na kushona. Blauzi itatoka nzuri, nitaipa alama nzuri, na kila mmoja ataondoka na kilekile alichokuja nacho. Ukitaka kulithibitisha, mtoe mmoja nje. Mwambie kijana aunganishe mkono kwenye kwapa peke yake, kisha mwambie mama aandike vipimo vya mteja kwenye daftari. Utakachokiona ndicho kilichofichwa na ile blauzi.

Kwa hiyo mimi hufanya kinyume. Anayejua haruhusiwi kugusa. Anaweka mikono nyuma na kusema kwa mdomo tu, asiyejua ndiye anayefanya. Ikifika zamu ya karatasi, kijana ananyamazisha kalamu yake, mama anaandika. Na hatushoni nguo nzima. Tunashona kwapa tupu, au shingo tupu, kwenye mabaki ya vitambaa, na kila mtu anatoka na kipande chake mwenyewe chenye jina lake. Kipande hicho hakidanganyi.

Jambo jingine, ambalo vitabu vya ualimu havilitilii maanani, ni adabu. Kijana wa Kimakonde au Kimakua aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mtu wa umri wa mama yake "umekosea". Atakaa kimya aangalie kitambaa kinaharibika. Nimewafundisha kusema "Mama, hebu tupime tena", na sentensi hiyo imeokoa mita nyingi za kitenge. Upande wa pili, mama akimwona kijana anababaika na mkasi, mkono humwenda wenyewe: "Lete hapa, mwanangu." Akishauchukua mkasi, somo la kijana limekwisha. Ninawazuia kina mama kwa nguvu ileile ninayowahimiza vijana, na kazi hii ni ya kusimama juu yao kipindi kizima.

Hapo ndipo muda unapotukwamisha. Vyerehani vizima tulivyonavyo vinafanya watu watatu kwa kimoja. Kipindi ni dakika 40. Gawa kwa tatu, kila mtu anapata dakika 13, na humo ndani kuna kutia uzi, kukaa vizuri na kupokezana. Mtindo wa mikono nyuma hauwezekani kwa dakika hizo. Vipindi viwili vikiunganishwa kuwa dakika 80 mfululizo, kila mtu anapata zaidi ya dakika 25, na zinatosha kushona kwapa moja kwa utulivu. Jumla ya saa kwa wiki haibadiliki. Mtu wa ratiba anahitaji kusogeza masomo mawili tu. Hili sijawahi kuelewa kwa nini limeshindikana.

3. Mahudhurio na korosho

Kanuni ya chuo inasema anayekosa zaidi ya robo ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani wa ndani wa mwisho wa mwaka. Mtihani wenyewe hupangwa mwezi wa Novemba. Waheshimiwa, tunaishi Mtwara. Oktoba na Novemba ni korosho.

Mwenye mikorosho yake hana hiari. Korosho zikianguka zinatakiwa ziokotwe, zianikwe na kufikishwa kwenye chama cha msingi ziingie mnadani. Ukiziacha chini mvua ikazikuta, ubora unashuka na bei inashuka nao. Fedha hiyo ndiyo ada ya mwakani, pamoja na ada ya watoto. Kabla ya hapo, katikati ya mwaka, kuna kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, kazi ambayo haiahirishwi kwa sababu ya kipindi cha mshono wa zipu. Ukijumlisha siku hizo na za msiba, na za mtoto kuugua, mama amekwishaivuka ile robo wala hajazembea.

Vijana nao hukosa, wengine huenda kuokota kwa vibarua. Lakini kijana mara nyingi ana mtu mwingine nyumbani mwenye shamba. Mama ndiye mwenye shamba. Na tusidanganyane, hata ofisi ya walimu mwezi wa Oktoba huwa na viti vitupu.

Matokeo yake ni kwamba mwaka hadi mwaka watu wazima wanaanguka kwenye daftari la mahudhurio, si kwenye cherehani. Ninao wanafunzi ambao karatasi zangu zinaonyesha wamemaliza kila kazi ya vitendo, na bado majina yao hayakubandikwa kwenye orodha ya watahiniwa.

Ninachopendekeza ni kukata mwaka katika mada fupi zinazojitegemea, za majuma sita hivi. Sketi, blauzi, suruali, sare za shule, umaliziaji. Mahudhurio yahesabiwe ndani ya kila mada. Aliyemaliza sketi amemaliza sketi, hata akikosa suruali kwa sababu ya mnada. Mada ngumu, kama kuchora patani, ziwekwe kati ya Februari na Mei. Oktoba na Novemba ziachwe kwa kazi ambazo mtu anaweza kwenda nazo nyumbani, mfano vifungo, matundu ya vifungo na pindo za mkono. Na kuwe na majuma ya kufidia mwezi Januari, kabla wanafunzi wapya hawajaingia. Saa za kujifunza ni zilezile. Hakuna anayependelewa.

4. Karatasi ya nadharia na macho ya watu

Niliwahi kuambiwa na mwenzangu mmoja kwamba watu wazima wanaanguka nadharia kwa sababu "hawajui kusoma vizuri". Kwa wachache ni kweli. Kwa wengi nilipochunguza nikakuta tatizo liko machoni.

Mtu akishafika miaka arobaini na kuendelea, uwezo wa jicho kuona karibu hupungua. Si ugonjwa, ni umri, na hauna mtu unayemruka. Dalili yake mwalimu yeyote anaiona: mwanafunzi anaisukuma karatasi mbali hadi mkono unanyooka, au anaomba kutia uzi dirishani, au anasoma ubaoni bila shida lakini kwenye daftari anakwama. Karatasi zetu za mtihani hupigwa kopi kwa herufi ndogo ili kubana kurasa, kopi ya kopi, wino umefifia. Mama akimnong'oneza kijana amsomee swali, anaandikiwa udanganyifu. Miwani ya kusomea ya kawaida ya namba ya chini, moja na nusu au mbili, ingewatosha wengi wao, na hospitali ya wilaya ndiyo inayoweza kuwapima na kuwaambia namba.

Halafu kuna swali lenyewe. "Taja sababu tatu zinazofanya uzi wa juu ukatike." Kijana amekariri: uzi umekazwa mno, sindano imepinda au imewekwa kinyume, uzi haukupitishwa kwenye njia zake. Alama tatu. Mama anaandika moja kwa shida, anaacha nafasi. Sasa wapeleke wote kwenye cherehani kinachokata uzi. Mama anaigusa sindano, anaigeuza, anavuta uzi kidogo kusikia ugumu wake, anakilegeza kikaza uzi, na kazi inaendelea. Kijana anavitazama vyote vitatu alivyovitaja, hajui aanze na kipi. Mtihani wetu umempa alama tatu asiyeweza kukitengeneza na moja anayeweza.

Sitaki nadharia ifutwe. Mwenye karakana lazima ajue kuandika oda na kusoma maelekezo. Naomba sehemu yake, ile inayohusu kutambua matatizo na kueleza hatua, iulizwe kwa mdomo mbele ya cherehani, walimu wawili wakiwa na mwongozo uleule wa kusahihishia. Iulizwe hivyo kwa wanafunzi wote, vijana kwa wazee. Vijana watalalamika kuliko kina mama, nina hakika.

5. Adhabu

Kwa hili nitakuwa mfupi. Mtu mwenye wajukuu hapigishwi magoti langoni kwa sababu ya kuchelewa, mbele ya wanafunzi wanaomwita shangazi. Kwenye uwanda huu wa Makonde ambako maji ni ya kuhangaikia, mwanamke anayefika saa mbili na robo huenda ameamka saa tisa usiku. Akichelewa aandikwe na aulizwe. Adhabu za kitoto ziondolewe kwa watu wazima, na kwa kweli sioni zinamsaidia nini hata kijana wa miaka kumi na tisa.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimekwishayasikia.

Nitaambiwa: basi tuwagawe, watu wazima waje jioni. Jioni mwalimu wa ushonaji ni mimi huyohuyo, vyerehani ni hivyohivyo, na mama anayetoka kijiji cha mbali hawezi kurudi na bodaboda saa mbili usiku. Zaidi ya hayo, darasa la mchanganyiko likisimamiwa vizuri linawapa wote kitu ambacho siwezi kukitoa mimi. Kijana anaona kwa macho mteja anavyojadiliwa bei na kitambaa kinavyobanwa kisipotee. Mama anapata mtu wa kumwonyesha sentimita, kwa kuwa wateja wa siku hizi wanatuma vipimo kwa simu, na "kifua 89" kwake ni namba ya mtu asiyejulikana hadi aambiwe kwamba ni inchi 35 zilezile.

Nitaambiwa mtaala hauruhusu. Mtaala wa ufundi stadi tunaoutumia ni wa umahiri. Unataja mtu awe anaweza kufanya nini mwishoni. Kumruhusu mtu aonyeshe mapema kile anachokiweza hakuvunji mtaala wowote.

Nitaambiwa fedha hakuna. Nimejaribu kuomba vitu visivyo na fedha. Kuunganisha vipindi ni kalamu. Mabaki ya vitambaa mafundi wa sokoni wanatupa bure, nimekwishazungumza nao. Kukuza herufi ni kurasa chache zaidi. Kitu kinachogharimu ni miwani michache ya kukaa darasani, na hiyo chuo kikishindwa, tutachanga.

Nitaambiwa watu wazima ni wachache na wanapungua. Wanapungua mwezi wa Oktoba, waheshimiwa, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Chuo chetu ni cha ukoo wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, na vyuo hivyo vilipoanzishwa mwaka 1975 vilikuwa kwa ajili ya watu wazima wa vijijini. Mwalimu Nyerere alikwishalisema mwaka 1964, alipouwasilisha Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, kwamba lazima tuanze na watu wazima kwa kuwa watoto watachukua miaka kabla elimu yao haijaonekana kwenye uchumi. Vijana wamekuja baadaye, nasi tumewapokea kwa furaha. Lakini hatuwezi kuwapokea wageni kwa kumtoa mwenye nyumba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kuanzia wanafunzi watakaoingia Januari, kuwe na asubuhi mbili za kupima ujuzi wa kila anayeingia, na matokeo yake yatumike kumrusha mada.

(b) Vipindi vya vitendo vya ushonaji viunganishwe viwili viwili.

(c) Mwaka ugawanywe kwa mada zinazojitegemea na mahudhurio yahesabiwe kwa mada, pamoja na majuma ya kufidia mwezi Januari.

(d) Mtihani wa ndani wa nadharia uchapwe kwa herufi kubwa, na sehemu yake iulizwe kwa mdomo kwenye cherehani kwa wanafunzi wote.

(e) Adhabu za langoni zifutwe.

(f) Wale ambao mwaka jana walizuiwa mtihani kwa ajili ya mahudhurio pekee, na kazi zao za vitendo zimekamilika, wapewe nafasi ya kuufanya. Majina yao na vipande vyao vya kazi ninavyo, na nitavileta siku yoyote Bodi itakayoniita.

Kama kuna ombi lisilowezekana, naomba niandikiwe ni lipi na kwa nini, nami nitalijibu. Naomba majibu hayo yawe ya maandishi na yatoke kabla ya mwisho wa Agosti, kwa sababu ratiba ya muhula wa mwisho hupangwa wakati huo, na Septemba korosho za kwanza zinaanza kudondoka.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa Ushonaji